Pumziko Lililobaki Nje

Mume wangu alinifundisha kutengeneza mazoezi ya mbio kwa rangi. Maandishi ya kwenye simu yake yalikuwa ya Kiingereza, na mimi shule yangu iliishia darasa la saba, nikahamia kwenye cherehani. Akaniambia, "Mke wangu, achana na maneno. Nyekundu ni kupasha mwili. Bluu ni kukimbia. Kijivu ni kupumzika. Kijani ni kupoza mwili, mwisho kabisa. Panga kama unavyopanga vipande vya gauni kabla hujashona."

Alikuwa kocha wa mbio pale uwanjani kwetu kwa miaka mingi, na mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa binti yetu mwenyewe. Watu wote walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyowapenya wenzake kwenye kona. Kila zoezi la Sindano mume wangu alilitengeneza kwenye simu, akalituma kwenye saa ya mtoto, na mtoto akakimbia huku saa ikimwongoza kwa mtetemo. Akimaliza kipande, saa inatetema mkononi, anajua apunguze. Pumziko likikaribia kwisha inatetema kidogo kidogo, sekunde za mwisho, halafu mtetemo mmoja mrefu, anajua aondoke. Akikimbia chini ya kasi aliyopangiwa, inatetema pia, kumsuta.

Kisha ugonjwa ukaingia kwenye mishipa ya mume wangu, vidole vikaanza kumcheza. Akibonyeza elfu moja, inaingia elfu kumi. Siku moja alijaribu mara sita, akaiweka simu kifuani, akafumba macho. Nikamwambia, "Lete. Wewe sema, mimi nibonyeze."

"Sindano asijue," akasema.

"Asijue nini?"

"Kwamba vidole vimenishinda. Akijua, atakimbia akinihurumia. Mtu hakimbii vizuri na huruma."

Nikaahidi. Kwa miezi mitatu yeye alisema, mimi nikabonyeza, na mtoto akirudi jioni kutoka chuoni anaikuta saa imeshapokea zoezi, anasema, "Baba leo umeamua kuniua!" Baba yake anacheka kitandani. Mimi nipo pembeni napiga pasi, nacheka na mimi.

Zoezi la mwisho alilisema Jumanne mchana. Sauti yake ilikuwa imeshuka, nikawa nainama mpaka sikio likaribie mdomo. Kupasha mwili dakika kumi na tano. Kukimbia mita elfu moja, kwa kasi ya dakika tatu na sekunde ishirini. Kupumzika dakika tatu. Mara tano. Kupoza mwili dakika kumi. Nikabonyeza, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Lakini nilimsomea kutoka kichwani mwangu, si kutoka kwenye kioo. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Jumatano Sindano alilikimbia. Aliporudi baba yake alikuwa hasemi tena. Ijumaa alfajiri Mungu akamchukua.

*

Siku za msiba mtoto hakulia mbele za watu. Mara moja tu alinishika mkono jikoni, akasema, "Mama, Baba ameniachia neno." Nikadhani ni neno la kawaida, la mzazi kwa mtoto. Nikamwambia, "Lishike hilo neno, mwanangu." Mungu anisamehe, nilisema hivyo hivyo. Lishike.

Wiki ya pili akarudi uwanjani. Kulikuwa na majaribio yanakuja: timu kubwa ya mbio ilikuwa inachukua wasichana wawili, wa mita elfu tano, wakakae kambini na kusomeshwa huko huko. Ndicho alichokuwa anamwandalia baba yake kwa mwaka mzima. Siku nyingine alikimbia na wenzake, kwa mazoezi ya kawaida. Jumatano alikimbia peke yake, zoezi lile la mwisho. Kila Jumatano. Mimi sikwenda kumwona. Lile benchi ambalo mume wangu alikaa, miguu yangu ilikataa kulifikia.

Zikapita Jumatano tisa. Kisha mzee mmoja akaja dukani kwangu na suruali iliyopasuka magotini. Ni mtunza uwanja, anayechora mistari kwa chokaa, na kwa sababu hiyo anaitwa Chaki. Yeye na mume wangu walikuwa kama ndugu, mimi ananiita shemeji.

"Shemeji, nitie viraka. Nimepiga magoti sana."

"Umeanza kusali?"

"Nang'oa majani. Kusali nakuachia wewe, unatosha kwa mtaa mzima." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Shemeji, yule mtoto hapumziki."

"Nani, Sindano? Analala saa tatu."

"Sisemi kulala. Jumatano. Miaka yote mumeo alikuwa anawakimbiza, wanasimama, wanahema, wanakimbia tena. Mimi si kocha, lakini kusimama nakujua, ndiyo kazi yangu mimi kusimama. Huyu hasimami. Anazunguka mpaka anatapika pale kwenye kona yangu, kwenye chokaa mbichi. Na mguu anauvuta."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto. Nenda ukaone mwenyewe, nisije nikaitwa mbea."

Jumatano ile nilifunga duka saa kumi, nikaenda. Sikukaa kwenye benchi. Nilisimama nyuma ya uzio, karibu na chumba cha vifaa, nikawa nahesabu.

Alipasha mwili taratibu, dakika kumi na tano. Nikaona mkono ukishtuka, saa imetetema. Akaondoka. Mizunguko miwili na nusu ndiyo mita elfu moja, hiyo naijua tangu nikiwa mchumba. Alipoimaliza mkono ukashtuka tena, na mimi nikasema moyoni, haya, simama. Hakusimama. Akapita palepale kwa kasi ileile. Elfu ya pili. Mkono ukashtuka. Hakusimama. Kwenye elfu ya tatu uso ulibadilika, meno yakatoka nje, na sasa mkono ulikuwa unashtuka kila baada ya muda kidogo, hata katikati ya njia. Nikajua saa inamsuta kwamba amekuwa mzito. Kila ikimsuta anajaribu kuongeza, anaongeza hatua kumi, anarudi chini. Mguu wa kushoto haukuwa unatua kama wa kulia. Ulitua kama mtu anayekanyaga sakafu ya moto.

Tano zikaisha. Ndipo akasimama, dakika tatu, mikono magotini. Kisha akapoza mwili akichechemea.

Nilirudi nyumbani kabla yake.

*

Simu ya mume wangu ilikuwa kwenye kabati, imechomekwa kwenye chaji, kwa sababu saa ya mtoto ilikuwa imeunganishwa nayo na alipenda iendelee hivyo. Nikaifungua. Nikatafuta zoezi la mwisho, nikaliangalia kwa macho ya mtu anayekagua mshono wa mwenzake.

Nyekundu, sawa. Chini yake kuna kisanduku, juu ya kisanduku imeandikwa namba tano. Ndani ya kisanduku kuna bluu. Kijivu kipo chini. Nje ya kisanduku. Peke yake, kati ya kisanduku na kijani.

Nikakaa chini.

Mume wangu alinifundisha rangi, hakunifundisha kisanduku. Miezi yote ile nilikuwa nachukua zoezi la zamani alilolitengeneza mwenyewe, visanduku vimeshakaa, mimi nabadilisha namba tu. Jumanne ile nilianza zoezi jipya. Niliweka kukimbia, nikaweka marudio mara tano, halafu nikaongeza kupumzika, likakaa chini kabisa na mimi nikaona rangi zote zipo na mpangilio ni uleule. Bluu kisha kijivu. Sikujua kwamba saa inarudia kilichomo kisandukuni tu. Bluu mara tano, mfululizo. Pumziko mara moja, kazi ikiisha.

Kumbe lile ndilo neno. Mtoto alikimbia Jumatano, saa ikamwambia elfu, elfu, elfu, elfu, elfu, usisimame, na aliporudi kumuuliza baba yake maana yake, baba hakuweza kujibu. Akajijibu mwenyewe.

Jioni nilimwekea maji ya moto ya kuloweka mguu. Nikamuuliza kwa mbali, "Hilo zoezi la Jumatano si zito? Kasi ya dakika tatu na ishirini, bila kupumzika?"

Alinitazama kwa mshangao. "Umejuaje kasi?"

"Chaki kaniambia," nikasema. Uongo wa kwanza.

"Ni zito. Sijawahi kulimaliza bila saa kunisuta. Elfu ya tatu napotea." Akasogeza vidole ndani ya maji. "Lakini Baba hakuwahi kunipa kitu kama hiki, Mama. Miaka yote ni kukimbia, kupumzika, kukimbia, kupumzika. La mwisho anaondoa mapumziko. Alijua anaondoka. Alikuwa ananiambia, nikiondoka usisimame. Utapumzika ukishamaliza."

"Na mguu?"

"Mguu unauma tu. Nikifikisha zote tano bila kusutwa, nitajua nimemsikia. Halafu niende majaribio."

Majaribio yalikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Katikati ilibaki Jumatano moja.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilikuwa nimesali nipewe maneno, na nilipewa, ya wazi kabisa: mwanangu, ni mimi niliyekosea. Lakini nikimwambia, namnyang'anya sauti ya baba yake. Tena namvunjia mume wangu ahadi. Na nyuma ya hayo yote kulikuwa na jingine dogo la aibu, kwamba niliogopa anitazame kama nilivyokuwa nimejitazama nilipofungua ile simu. Nikasema moyoni, Jumatano moja tu, halafu majaribio, halafu nitamwambia akiwa amefaulu, tutacheka.

Nilifikiria pia kulirekebisha kimyakimya. Nikakiburuta kijivu kwa kidole mpaka ndani ya kisanduku, chini ya bluu, kikaingia kama kifungo kwenye tundu. Kazi ya kufumba na kufumbua. Nikakiangalia. Nikajua akifika mwisho wa elfu ya kwanza saa ikamwambia apumzike, atafikiri imeharibika, au atafikiri mtu amelichezea neno la marehemu. Nikatoka bila kuhifadhi. Kikarudi nje, palepale.

*

Jumatano nilikwenda tena. Safari hii nilipita uzio, nikakaa kwenye benchi. Nadhani nilitaka niwe karibu ili nimwite. Chaki alikuwa anasukuma gari lake la chokaa, akaniona, akavua kofia bila utani wowote.

Elfu ya kwanza akapita mbele yangu, hakuniona. Elfu ya pili hakuniona. Nikasimama. Ya tatu ilikuwa nzuri, bora kuliko wiki iliyopita, mkono haukushtuka katikati, na niliona usoni mwake kitu kama furaha, na kwa sababu ya furaha ile mdomo wangu haukufunguka. Ya nne, kwenye kona ya mbali, akakanyaga na mguu wa kushoto na mguu haukumpokea.

Sikusikia kitu. Chaki anasema alisikia. Alianguka kwa bega, akabiringika kwenye mstari, akainuka na chokaa upande mmoja wa uso, na akajaribu kukimbia. Hatua mbili. Akakaa.

Tulipomfikia alikuwa ameushika mguu kwa mkono mmoja, na mkono wenye saa ameunyosha mbali na mwili. Saa ilikuwa inatetema na kunyamaza, inatetema na kunyamaza. Ilikuwa inamwambia yuko chini ya kasi. Nikaishika nijaribu kuizima, sikujua kitufe.

"Mama, usiizime," akasema. "Imebaki moja na nusu."

*

Kwenye zahanati daktari alituonyesha picha. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa wa siku nyingi, akasema, ufa mwembamba kama unywele ambao ungepona kwa kupumzika. Sasa umevunjika. "Ulikuwa unapumzika baina ya mbio?" akauliza. Sindano akajibu, "Hapana. Ndivyo nilivyopangiwa." Daktari akaandika.

Wakaufunga mguu plasta. Daktari akatoka nje kwenda kuchukua karatasi, tukabaki wawili, yeye kitandani, mimi kwenye kiti. Ukutani kulikuwa na bango la kunawa mikono. Nililisoma mpaka mwisho, kisha nikasema.

"Hakukupangia yeye."

"Nini?"

"Zoezi. Vidole vilimshinda tangu miezi mitatu kabla. Yeye alikuwa anasema, mimi nabonyeza. Alinikataza nisikwambie. La mwisho alisema upumzike dakika tatu kila baada ya elfu moja. Mara zote. Mimi ndiye niliyeliweka pumziko nje ya marudio. Sikujua kisanduku."

Nilifikiri hajaelewa, nikaanza kueleza tena rangi, bluu, kijivu, akainua kiganja ninyamaze.

"Umejua lini?"

Hapo ningeweza kusema leo. "Wiki iliyopita," nikasema. "Jumatano iliyopita jioni."

"Nilipokuwa nimeloweka mguu."

"Ndiyo."

"Uliponiuliza kasi."

"Ndiyo, mwanangu."

Akageuza uso ukutani. Mabega hayakutikisika, pumzi haikubadilika. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo hakusema nisisimame."

"Hakusema."

"Alisema nini? Sema alivyosema. Usipunguze."

Nikafumba macho ili nimsikie mume wangu vizuri. "Alisema, dakika tatu. Nikamwambia, si nyingi? Mbili hazitoshi? Akasema, tatu nzima. Yule mtoto hajui kupumzika, usimpe nafasi ya kupunguza."

Ndipo alipolia. Hakuwa amelia mazikoni, hakuwa amelia uwanjani. Nikainuka nimshike, akanisukuma, si kwa nguvu, kwa vidole tu, kama mtu anayesogeza kitambaa.

"Ungeniachia lile kosa, Mama," akasema. "Mguu ungepona. Lile ndilo neno la Baba nililokuwa nalo kila siku."



*

Jumamosi ya majaribio tulikuwa nyumbani. Wasichana wawili walichukuliwa, mmoja wao Sindano alikuwa akimwacha kila siku nusu mzunguko. Alipoambiwa alisema, "Anastahili," akaendelea kumenya viazi, mguu juu ya stuli. Maneno yake kwangu yalikuwa ya adabu, machache, ya kutosha nyumba kwenda. Ndiyo Mama. Hapana Mama. Mimi nilisali na kushona. Chaki alikuja kuchukua suruali yake, akamletea Sindano machungwa, akamwambia kona yake imekuwa safi mno, inatia huzuni. Sindano akatabasamu kidogo.

Wiki ya sita plasta ikatoka. Wiki ya kumi na mbili daktari akaandika kwenye karatasi: atembee dakika tano, kisha akimbie polepole dakika moja, atembee dakika nne, arudie mara tano, amalize kwa kutembea dakika tano. Asizidishe.

Aliweka karatasi mbele yangu, kwenye meza ya cherehani, na simu ya baba yake juu yake.

"Tengeneza," akasema.

"Wewe unajua kuliko mimi."

"Tengeneza, mimi nitaangalia."

Nikatengeneza. Alisimama nyuma ya bega langu. Nilipofika kwenye kisanduku nikaiweka ile dakika moja ya kukimbia ndani, nikaziweka dakika nne za kutembea ndani, chini yake. Nikahesabu kwa sauti. Akainama, akaangalia karibu, akapitisha kidole kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama ninavyopitisha mimi kwenye mshono kabla ya kumpa mtu nguo yake. Akabonyeza kutuma. Saa ikapokea.

Uwanjani hapakuwa na watu wengi. Alitembea dakika tano, mkono ukashtuka, akaanza kukimbia, mbio za mtoto anayejifunza, kila hatua anaiuliza kwanza. Dakika moja si kitu. Hata Chaki angeweza. Mkono ukashtuka tena.

Akasimama. Si kutembea kama ilivyoandikwa, alisimama kabisa, katikati ya njia, akaifunika saa kwa kiganja cha mkono mwingine. Nilikuwa kwenye benchi. Nikaangalia saa yangu ya mkononi, ile ya mshale. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita. Wakimbiaji wawili wakampita pande zote mbili, mmoja akageuka kumtazama. Ya tatu ikapita, yupo palepale, kichwa amekiinamisha, midomo inacheza, na mimi sikujua kama anasali au anaongea na baba yake, wala sikuona kwamba linanihusu.

Ya nne ilipokwisha niliona kiganja kikiinuka. Akakimbia dakika yake ya pili, akapita mbele yangu, na macho yake yalikuwa yanaangalia mbele.